Kutoka maelezo ya muundo wa shirika hadi jedwali la nani anaripoti kwa nani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa yanatumia mfano mmoja: kampuni ya usambazaji ambayo chati yake imepotea, na kilichobaki ni aya moja kwenye kabrasha la zamani. Aya yenyewe inasema hivi:

> Mkurugenzi Mtendaji anasaidiwa na Katibu Muhtasi pamoja na Wakuu wa Idara watatu: Fedha, Operesheni na Rasilimali Watu. Mkaguzi wa Ndani anawajibika kwa Bodi kikazi, na kwa Mkurugenzi Mtendaji kiutawala. Mkuu wa Fedha anamsimamia Mhasibu Mkuu, mwenye wahasibu watatu na karani mmoja. Afisa Ununuzi naye yuko chini ya Mkuu wa Fedha. Mkuu wa Operesheni ana Meneja wa Ghala na Meneja wa Usafirishaji. Ghala lina wasimamizi wa zamu wawili, kila mmoja na watunza ghala sita. Usafirishaji una madereva tisa. Nafasi mbili ziko wazi. Rasilimali Watu ina maafisa wawili, mmoja wao hukaa ghalani na kufanya kazi kwa karibu na Meneja wa Ghala.

Kazi ni kuigeuza aya hiyo iwe jedwali linaloonyesha kila nafasi inaripoti wapi, na kila msimamizi ana watu wangapi walio chini yake moja kwa moja. Idadi hiyo ya pili ndiyo tunayoiita upana wa usimamizi.

## Nianzie wapi kabla ya kufungua jedwali?

Anza na vitenzi. Vyeo huonekana vyenyewe, lakini anayeripoti kwa nani hujificha ndani ya kitenzi. "Anasimamia", "yuko chini ya" na "anaripoti kwa" vinaonyesha mamlaka. "Anashirikiana na", "anaratibu", "anashauri" na "anafanya kazi kwa karibu na" vinaonyesha ushirikiano tu, na haviingii kwenye hesabu ya upana. Katikati kuna vitenzi vya mtego. "Anasaidiwa na" ni mojawapo: katika aya yetu kimewafunga pamoja Katibu Muhtasi na Wakuu wa Idara, ingawa kazi zao hazifanani hata kidogo. Wote wanne wanaripoti kwa Mkurugenzi, kwa hiyo hapa hakuna tatizo, ila kwenye maelezo mengine "anasaidiwa na" huweza kumaanisha mshauri wa nje ambaye hayumo kabisa kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi za ajira zilizoidhinishwa.

"Ana" na "ina" nazo ziangaliwe. "Mkuu wa Operesheni ana Meneja wa Ghala" ni sentensi kuhusu nafasi. "Ghala lina wasimamizi wa zamu wawili" ni sentensi kuhusu kitengo, na kitengo hakiwezi kumsimamia mtu. Inabidi ujiulize ni nani anaongoza kitengo hicho. Hapa ni Meneja wa Ghala, na aya inatosha kukuambia hivyo. Ingekuwa ghala halina meneja aliyetajwa, usijaze kwa kubahatisha; andika swali pembeni umpelekee mwenye maelezo.

Ukimaliza vitenzi, zungushia duara kila idadi: watatu, mmoja, wawili, sita kwa kila mmoja, tisa, mbili. Hizo ndizo zitakazokupa jumla ya nafasi.

## Mstari mmoja wa jedwali uwe mtu, cheo au nafasi?

Nafasi. Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibikia.

Ukitumia watu, nafasi zilizo wazi zinatoweka, na mtu anayekaimu nafasi ya pili anatokea mara mbili. Ukitumia vyeo, madereva tisa wanakuwa mstari mmoja unaosema "Dereva", na Meneja wa Usafirishaji anaonekana ana mtu mmoja chini yake. Mbaya zaidi ni cheo kinachorudiwa na watu wenye kusimamia. Wasimamizi wa zamu wako wawili na wana cheo kimoja. Ukiandika "Msimamizi wa Zamu" kwenye safu ya msimamizi wa watunza ghala wote, hutajua nani yuko zamu ipi, na fomula itampa kila msimamizi watu kumi na wawili badala ya sita.

Kwa hiyo kila nafasi ipewe namba yake. Tumia namba inayoanza na herufi, kama N01, N02, N03. Herufi hiyo ina kazi. Ukiandika 01 tupu, programu ya jedwali huigeuza kuwa 1. Ukiilazimisha ibaki 01 kama maandishi kwenye safu moja na iwe tarakimu kwenye safu nyingine, `COUNTIF` ya fomula ya upana itazichukulia kuwa sawa huku `MATCH` ya fomula ya ngazi ikizikataa. Utaona upana umekaa vizuri lakini ngazi zinatoa makosa, na utapoteza muda mwingi ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

## Jedwali liwe na safu zipi?

Nane zinatosha:

- A: namba ya nafasi
- B: cheo
- C: kitengo
- D: namba ya msimamizi wa moja kwa moja
- E: hali (Imejazwa au Wazi)
- F: namba ya mkubwa wa pili, kama yupo
- G: upana wa usimamizi
- H: ngazi

Safu A hadi F unazijaza kwa mkono, G na H zinahesabiwa. Majina ya watu yasiingie hapa. Yawe kwenye jedwali lake, yaunganishwe kwa namba ya nafasi. Panga mistari ili kila msimamizi awe juu ya wale anaowasimamia. Mpangilio huo una faida utakayoiona kwenye fomula ya ngazi.

Mistari ya kwanza ya mfano wetu inakuwa hivi:

| Namba | Cheo | Kitengo | Msimamizi | Hali | Mkubwa wa pili |
|---|---|---|---|---|---|
| N01 | Mkurugenzi Mtendaji | Uongozi | | Imejazwa | |
| N02 | Katibu Muhtasi | Uongozi | N01 | Imejazwa | |
| N03 | Mkuu wa Fedha | Fedha | N01 | Imejazwa | |
| N04 | Mkuu wa Operesheni | Operesheni | N01 | Imejazwa | |
| N05 | Mkuu wa Rasilimali Watu | Rasilimali Watu | N01 | Imejazwa | |
| N06 | Mkaguzi wa Ndani | Ukaguzi | N01 | Imejazwa | Bodi |
| N07 | Mhasibu Mkuu | Fedha | N03 | Imejazwa | |

Baada ya hapo: wahasibu watatu ni N08 hadi N10 na karani ni N11, wote chini ya N07. Afisa Ununuzi ni N12 chini ya N03. Meneja wa Ghala ni N13 na wa Usafirishaji ni N14, wote chini ya N04. Wasimamizi wa zamu ni N15 na N16 chini ya N13. Watunza ghala N17 hadi N22 wako chini ya N15, na N23 hadi N28 chini ya N16. Madereva ni N29 hadi N37 chini ya N14. Maafisa Rasilimali Watu ni N38 na N39 chini ya N05. Jumla ni nafasi 39, na mistari ya jedwali inakwenda kutoka wa 2 hadi wa 40, kwa kuwa wa 1 ni vichwa vya safu.

## Cheo kinaweza kuniambia nani ni msimamizi?

Kinaweza kukudokeza, basi. Kuna mameneja wasiomsimamia mtu yeyote: meneja wa mradi anayekopa watu wa idara nyingine, au meneja wa akaunti za wateja anayefanya kazi peke yake. Upana wao ni 0 na hakuna ubaya. Kwa upande mwingine kuna "msimamizi" ambaye anasimamia mashine au mfumo wa kompyuta, si watu.

Maneno "Mwandamizi" na "Mkuu" nayo hudanganya. Afisa Mwandamizi kwa kawaida ni daraja la mshahara na uzoefu. Hilo pekee halimpi mamlaka juu ya Afisa wa kawaida, na wote wawili wanaweza kuripoti kwa mtu mmoja. "Mhasibu Mkuu" wa aya yetu tumempa watu kwa sababu aya imesema ana wahasibu watatu na karani, si kwa sababu ya neno "Mkuu".

Maelezo yakiwa hayaeleweki, uliza maswali matatu kuhusu nafasi hiyo: nani anaidhinisha likizo yake, nani anasaini tathmini yake ya utendaji kazi, na nani anampangia kazi za kila siku. Majibu yote matatu yakielekea kwa mtu mmoja, huyo ndiye msimamizi. Yakigawanyika, una nafasi yenye wakubwa wawili.

## Nafasi yenye wakubwa wawili niiandikeje?

Safu D ipate mmoja tu, safu F ipate mwingine. Ukiweka namba mbili kwenye seli moja ya safu D, kwa mfano "N05, N13", fomula za jedwali hili hazitaitambua, na nafasi hiyo itadondoka kwenye hesabu ya wote wawili kimyakimya. Ukiandika nafasi hiyo mistari miwili, utakuwa umeongeza mfanyakazi asiyekuwepo.

Afisa Rasilimali Watu anayekaa ghalani, N39, ni rahisi. Meneja wa Ghala anamwona kila siku, lakini likizo na tathmini viko kwa Mkuu wa Rasilimali Watu. D ni N05, F ni N13. Mahali anapokaa mtu hapabadilishi anakoripoti.

Mkaguzi wa Ndani ni kisa kigumu zaidi, na kinastahili uangalifu kwa sababu kinagusa uhuru wa kazi yenyewe. Kikazi anawajibika kwa Bodi: ndiyo inayopitisha mpango wake wa ukaguzi na kupokea ripoti zake. Kiutawala yuko kwa Mkurugenzi: ofisi, matumizi ya kila siku, taratibu za utumishi. Tumeweka N01 kwenye safu D kwa sababu Bodi si nafasi ya ajira na haimo kwenye ikama, kisha tukaandika Bodi kwenye safu F. Unaweza kufanya kinyume, uiongeze Bodi kama mstari wa juu kabisa. Basi upana wa Mkurugenzi utashuka kutoka 5 hadi 4. Njia zote mbili zinakubalika. Kisichokubalika ni kuifuta safu F kabla ya kusambaza jedwali ili lionekane safi, kwa sababu msomaji ataondoka akiamini kwamba mkaguzi anakagua bosi wake bila mtu mwingine wa kumlinda.

Kwenye chati iliyochorwa, uhusiano wa pili huwa ni mstari wa nukta nukta. Ukifanya kazi kutoka kwenye picha iliyoskaniwa vibaya, nukta hizo huungana zikaonekana mstari kamili. Ukikuta kisanduku kimoja chenye mistari miwili kamili inayoingia kutoka juu, shuku skani kwanza.

## Naibu na Kaimu wanaingia wapi?

Kaimu haingii kabisa. Kukaimu ni hali ya mtu. Nafasi inabaki ileile na msimamizi wake yuleyule. Mhasibu Mkuu akikaimu ukuu wa Fedha, N03 inabaki N03 na hali yake inakuwa Wazi, huku jedwali la majina likionyesha anayeikaimu.

Naibu anahitaji swali moja: je, wakuu wa vitengo wanapita kwake ili kumfikia mkubwa, au wanakwenda moja kwa moja naye yupo pembeni? Wakipita kwake, yeye ndiye msimamizi wao na mkubwa wake anabaki na upana mdogo, mara nyingine wa mtu mmoja tu. Akiwa pembeni, naye ni mmojawapo wa wanaoripoti kwa mkubwa, na ana upana 0 isipokuwa ana watu wake mwenyewe. Chati humchora naibu katikati ya mstari unaoshuka, na mchoro huo unaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Usikisie. Tofauti hiyo inaongeza au kupunguza ngazi nzima kwa shirika lote.

## Nafasi wazi zihesabiwe?

Kwanza hakikisha umeelewa zinahesabiwa wapi. "Madereva tisa, nafasi mbili ziko wazi" inaweza kumaanisha ikama ni tisa na waliopo ni saba, au waliopo ni tisa na ikama ni kumi na moja. Aya haiamui. Katika mfano huu tumechukua kwamba jibu lililotoka idara ya Rasilimali Watu ni la kwanza: ikama tisa, waliopo saba.

Nafasi wazi zibaki kwenye jedwali zikiwa na hali "Wazi", kisha toa upana wa aina mbili: wa ikama na wa waliopo. Meneja wa Usafirishaji ana 9 kwa ikama na 7 kwa waliopo. Anayepanga muundo anataka 9. Anayetaka kujua mzigo wa meneja leo anataka 7. Ukitoa moja bila kusema ni ipi, wawili hao watabishana kuhusu takwimu ambayo wote wameisoma sawasawa.

## Fomula ni zipi?

Upana wa ikama, kwenye G2, kisha uburute hadi G40:

```
=COUNTIF($D$2:$D$40,A2)
```

Upana wa waliopo, kwenye safu yoyote iliyo tupu:

```
=COUNTIFS($D$2:$D$40,A2,$E$2:$E$40,"Imejazwa")
```

Ngazi: andika 1 kwenye H2, kisha kwenye H3 weka hii na uiburute chini:

```
=1+INDEX($H$2:H2,MATCH(D3,$A$2:A2,0))
```

Fomula ya ngazi inatazama mistari iliyo juu yake pekee. Ndiyo maana tulitaka msimamizi atangulie. Ikishindwa kumpata juu, inatoa `#N/A`, na kosa hilo ni habari njema kwako, kama utakavyoona kwenye ukaguzi. Kompyuta nyingine, kutegemea mpangilio wa lugha na nchi, hutaka nukta mkato badala ya mkato kati ya vipande vya fomula.

## Matokeo ya mfano huu yanasomekaje?

Ukichuja safu G ibaki na walio juu ya 0, unapata wasimamizi tisa:

| Namba | Cheo | Ngazi | Upana (ikama) | Wote walio chini |
|---|---|---|---|---|
| N01 | Mkurugenzi Mtendaji | 1 | 5 | 38 |
| N03 | Mkuu wa Fedha | 2 | 2 | 6 |
| N04 | Mkuu wa Operesheni | 2 | 2 | 25 |
| N05 | Mkuu wa Rasilimali Watu | 2 | 2 | 2 |
| N07 | Mhasibu Mkuu | 3 | 4 | 4 |
| N13 | Meneja wa Ghala | 3 | 2 | 14 |
| N14 | Meneja wa Usafirishaji | 3 | 9 | 9 |
| N15 | Msimamizi wa Zamu | 4 | 6 | 6 |
| N16 | Msimamizi wa Zamu | 4 | 6 | 6 |

Safu ya mwisho imewekwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayochanganywa na upana kuliko kitu kingine chochote. Mkuu wa Operesheni akisema "nina watu 25", hadanganyi: mameneja wawili, wasimamizi wa zamu wawili, watunza ghala kumi na wawili na madereva tisa. Upana wake lakini ni 2, kwa sababu anaokutana nao, kuwapangia kazi na kuwatathmini ni mameneja wawili tu. Kwenye mahojiano ya kukusanya taarifa, usiulize "una watu wangapi?" Uliza "tathmini za watu wangapi unazisaini wewe mwenyewe?"

Shirika lina ngazi tano. Ngazi ya 1 ina nafasi 1, ya 2 ina 5, ya 3 ina 6, ya 4 ina 15, na ya 5 ina 12.

## Nitajuaje kwamba jedwali halina kosa?

Kipimo cha kwanza ni jumla. Kila nafasi isipokuwa ya juu kabisa ina msimamizi mmoja, kwa hiyo jumla ya safu G lazima iwe idadi ya nafasi ukitoa moja. Kwetu: 5+2+2+2+4+2+9+6+6 ni 38, na nafasi ni 39. Imekaa. Jumla ikipungua, kuna seli ya safu D iliyoachwa tupu, au yenye namba isiyokuwepo kwenye safu A. Mara nyingi sababu ni nafasi moja ya herufi iliyobaki mwishoni baada ya kunakili, "N07 " badala ya "N07"; kwa macho huioni. Jumla ikizidi, tafuta namba iliyoandikwa mara mbili kwenye safu A.

Jumla haikamati mzunguko. Tuseme kwa kuteleza umeandika kwamba N07 yuko chini ya N11, ilhali N11 yuko chini ya N07. N03 anapungukiwa mtu mmoja, N11 anaongezewa mmoja, na jumla inabaki 38 bila hata kutikisika. Hapo ndipo fomula ya ngazi inapokuokoa: N07 atamtafuta N11 juu yake, hatampata, na `#N/A` itatokea kwake na kwa wote walio chini yake. Hakuna namna ya kuipanga mistari ya mzunguko hata kila msimamizi awe juu ya mtu wake. Ukipanga upya na kosa likabaki, una mzunguko. Likiondoka, ilikuwa ni mpangilio tu.

Kuna kosa ambalo vipimo vyote viwili vinaliacha lipite: nafasi iliyowekwa chini ya msimamizi halali lakini asiye wake. Afisa Ununuzi angewekwa chini ya Mhasibu Mkuu, hesabu zote zingekaa sawa. Dawa yake ni kuligeuza jedwali lirudi kuwa sentensi, msimamizi mmoja mmoja, na kumpa kila mkuu wa idara sentensi zake azisome: "Mkuu wa Fedha anamsimamia Mhasibu Mkuu na Afisa Ununuzi, hakuna mwingine." Watu huruka jedwali lakini sentensi inayowahusu wanaisoma, na maneno "hakuna mwingine" huwafanya wakumbuke waliosahauliwa.

## Katibu Muhtasi anahesabiwa kwenye upana wa Mkurugenzi?

Kwenye jedwali la nafasi, ndiyo, kwa sababu anaripoti kwake na akiondolewa kipimo cha jumla kinavunjika. Kwenye ripoti ya upana, mashirika mengine huwatoa makatibu na wasaidizi binafsi kwa hoja kwamba wanampunguzia mkubwa mzigo badala ya kumwongezea. Mkurugenzi wetu ana 5 pamoja naye na 4 bila yeye. Chagua kanuni moja, iandike juu ya jedwali, na uitumie kwa wote. Kinacholeta ugomvi ni kumtoa katibu wa Mkurugenzi halafu kumhesabu karani wa idara ya Fedha bila kueleza kwa nini.

## Wastani wa upana una maana gani?

Gawanya jumla ya upana kwa idadi ya wasimamizi, si kwa nafasi zote. Kwetu 38 kwa 9 ni karibu 4.2 kwa ikama; kwa waliopo ni 36 kwa 9, yaani 4 kamili. Ukigawanya kwa nafasi 39 utapata karibu 1, na utaipata hiyo karibu 1 kwa shirika lolote lenye nafasi nyingi, kwa sababu daima unagawanya nafasi ukitoa moja kwa nafasi zote; hapa ni 38 kwa 39. Ni kosa la kawaida kuliko inavyofikirika.

Hata wastani sahihi unaficha. Zipange tisa hizo: 2, 2, 2, 2, 4, 5, 6, 6, 9. Wasimamizi wanne kati ya tisa wana watu wawili tu kila mmoja. Hakuna anayelihisi hilo akisoma 4.2, kwa hiyo toa orodha pamoja na wastani.

## Upana mzuri ni upi?

Hakuna namba moja. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walipendelea tano au sita, na mwaka 1933 V. A. Graicunas alitoa fomula ya kuhesabu mahusiano yanayoweza kujitokeza kati ya mkubwa, watu wake, na makundi yao: kwa watu 4 ni 44, kwa 5 ni 100, kwa 6 ni 222. Hesabu hiyo inadhani kila anayeweza kuhusiana na mwenzake atahusiana kweli. Madereva tisa wanaokwenda njia tisa tofauti hawafanyi hivyo, na ndiyo maana 9 ya Meneja wa Usafirishaji haitishi kama 9 ya wakuu wa idara ingetisha. Angalia kufanana kwa kazi, kuingiliana kwake, na kama watu wako mahali pamoja.

Katika jedwali letu mahali pa kuangalia ni mnyororo mwembamba: Mkuu wa Operesheni ana 2, Meneja wa Ghala chini yake ana 2. Ngazi mbili mfululizo za watu wawiliwawili zinauliza kama zote zinahitajika. Lakini jedwali haliwezi kujibu. Wasimamizi wa zamu ni wawili kwa sababu zamu ni mbili. Huwezi kuwaunganisha wawe mmoja hata upana ukitaka hivyo. Swali lililobaki ni kati ya Mkuu wa Operesheni na Meneja wa Ghala, na hilo linajibiwa kwa kutazama maamuzi ambayo kila mmoja anayafanya.

## Lazima niandike mistari sita ya watunza ghala wanaofanana?

Si lazima, mradi hakuna mwenye mtu chini yake. Ongeza safu I ya idadi, andika mstari mmoja wenye 6 kwa kila msimamizi wa zamu, weka 1 kwa nafasi nyingine zote, na ubadilishe fomula ya upana:

```
=SUMIF($D$2:$D$40,A2,$I$2:$I$40)
```

Fomula ya waliopo nayo iwe `=SUMIFS($I$2:$I$40,$D$2:$D$40,A2,$E$2:$E$40,"Imejazwa")`. Kwenye kipimo cha jumla, idadi ya nafasi sasa ni jumla ya safu I. Wasimamizi wa zamu wenyewe usiwaunganishe kamwe, kwa sababu mstari wenye idadi 2 hauwezi kuonyesha nani anamsimamia nani. Na wale madereva: saba waliopo mstari mmoja, wawili walio wazi mstari mwingine, la sivyo safu ya hali itakosa pa kuandikwa.

## Wafanyakazi wa muda na wa kampuni za nje?

Wa muda anahesabiwa mtu mzima kwenye upana. Anayefanya kazi nusu ya saa za kawaida za kazi anahitaji tathmini nzima. Hesabu za nusu na robo ni za bajeti ya mishahara. Walinzi au wasafishaji walioletwa na kampuni nyingine hawaingii safu D, kwa kuwa msimamizi wao yuko kwa mwajiri wao. Anayesimamia mkataba huo aandikiwe maelezo pembeni, kwa sababu mkataba nao unakula muda wake.

## Muundo ukibadilika, nibadilishe nini?

Mara nyingi seli moja. Afisa Ununuzi akihamishiwa Operesheni, D ya N12 inatoka N03 kuwa N04 na safu C inafuata. Mkuu wa Fedha anabaki na upana 1, na Mkuu wa Operesheni anapanda hadi 3. Msogeze N12 kama N04 hayuko tena juu yake. Hapa yuko, kwa hiyo anaweza kubaki alipo.

Namba ya nafasi iliyofutwa usiipe nafasi mpya. Nafasi mpya ya kwanza iwe N40, hata kama N11 imebaki pengo, kwa sababu majedwali ya zamani, barua za ajira na jedwali la majina bado yanaitambua N11 kuwa karani. Na unapoingiza mstari mpya chini kabisa, angalia kama `$D$40` imepanuka kuwa `$D$41`. Mstari ulioingizwa katikati huipanua yenyewe. Ulioandikwa baada ya mstari wa mwisho mara nyingi hubaki nje ya fomula, na msimamizi wake anaonekana na mtu mmoja pungufu.